M-MI, U-I au 3/4? Njia tatu za kuzipanga ngeli, na ipi imfae nani

Jirani yangu hapa Langoni, Lamu, alinijia jioni moja na vitabu vitatu chini ya kwapa. Kimoja ni cha kwake, alichosomea zamani. Ndani yake neno *mtumbwi* limewekwa kwenye ngeli ya M-MI. Cha pili ni cha bintiye aliye sekondari, nacho kinasema *mtumbwi* ni wa ngeli ya U-I. Cha tatu kilikuwa cha mgeni aliyepanga chumba cha juu, mwanafunzi wa chuo ng'ambo anayejifunza Kiswahili, na humo mtumbwi ni ngeli ya 3, mitumbwi ngeli ya 4.

“Mwalimu,” akaniuliza, “mtumbwi ni huu mmoja. Majina matatu ya nini? Mtoto ashike lipi?”

Nilimjibu kwa ufupi usiku ule, kisha nikaona jibu langu lilikuwa fupi mno. Vitabu vile vitatu havibishani. Kila kimoja kinatazama sehemu tofauti ya sentensi, na ukijua kinatazama wapi, utajua kitakusaidia nini na kitakuacha wapi.

Ngeli ni kundi la nomino zinazotawala sentensi kwa namna moja. Nomino ikitajwa, maneno yanayoitegemea huvaa alama zake: kivumishi, kimilikishi, kiashiria, kitenzi, na kile kirejeshi kilichofichwa katikati ya kitenzi. Kuvaa huko ndiko upatanisho wa kisarufi. Chukua sentensi moja tu na ubadilishe nomino, usiguse kitu kingine:

| Umoja | Wingi |
|---|---|
| Mtumbwi wangu mpya uliokwenda Matondoni umerudi | Mitumbwi yangu mipya iliyokwenda Matondoni imerudi |
| Jahazi langu jipya lililokwenda Matondoni limerudi | Majahazi yangu mapya yaliyokwenda Matondoni yamerudi |
| Chombo changu kipya kilichokwenda Matondoni kimerudi | Vyombo vyangu vipya vilivyokwenda Matondoni vimerudi |
| Mashua yangu mpya iliyokwenda Matondoni imerudi | Mashua zangu mpya zilizokwenda Matondoni zimerudi |
| Nahodha wangu mpya aliyekwenda Matondoni amerudi | Manahodha wangu wapya waliokwenda Matondoni wamerudi |

Soma safu ya umoja kutoka juu hadi chini. Mtumbwi mpya, mashua mpya, nahodha mpya: neno *mpya* halikubadilika hata herufi. Mtu angedhani ngeli ni moja. Lakini kitenzi kimekataa: *umerudi, imerudi, amerudi*. Sasa nenda kwenye wingi, na *mpya* nayo inafunguka: *mipya, mpya, wapya*. Ile *m* ya mashua haikuwa *m* ya mtumbwi hata kidogo. Ya mashua ni ile *n* ya ngeli yake iliyogeuka *m* kwa sababu imekaa mbele ya *p*. Ndiyo maana mashua ikiwa nzuri tunasema *nzuri*, na mtumbwi ukiwa mzuri tunasema *mzuri*.

Hapa ndipo panapoeleza kwa nini vitabu vinatofautiana. Katika sentensi moja ya Kiswahili kuna alama za aina mbili. Kivumishi cha sifa na namba huiga kiambishi cha nomino yenyewe: mitumbwi mipya mitatu, vyombo vipya vitatu. Kitenzi, kimilikishi, kiashiria na kirejeshi hufuata mkondo mwingine: imerudi, yangu, hii, iliyokwenda. Mara nyingine mikondo hii miwili inafanana, kama kwenye *chombo*, ambako *ki* imeenea kila mahali. Mara nyingine haifanani kabisa, kama kwenye mtumbwi, ambako mkondo wa kwanza ni *m* na *mi*, na wa pili ni *u* na *i*.

Kitabu cha zamani cha jirani yangu kimeipa ngeli jina la mkondo wa kwanza. Kitabu cha bintiye kimeipa jina la mkondo wa pili. Kitabu cha mgeni kimeepuka yote mawili kikaweka namba.

Njia ya kwanza: M-WA, M-MI, JI-MA, KI-VI, N-N

Hii hutazama mwanzo wa nomino. Uzuri wake ni kwamba macho yanatosha: *mti, miti; mlingoti, milingoti*. Na ukishaona *mi*, umepata kivumishi bure: *milingoti mirefu minne*. Kwa mtu anayeanza, wiki ya kwanza inampa furaha.

Wiki ya pili inamletea *nahodha*. Neno linaanza kwa *na*, wingi wake *manahodha*. Kwa macho, lingekwenda pamoja na *jahazi, majahazi*. Lakini hakuna mtu hapa Lamu atakayesema “nahodha limerudi”. *Kijana* na *kipofu* vinavaa nguo za KI-VI, na bado tunasema *kijana mzuri amefika, vijana wazuri wamefika*. *Mashua* inaanza kwa *ma* nayo haina uhusiano wowote na MA. Jina la JI-MA lenyewe linapoteza watu, maana *jahazi, tanga* na *kasia* hayana *ji* popote. *Ji* huonekana hasa kwenye vivumishi vyenye shina fupi au vinavyoanza kwa irabu, *tanga jipya, tanga jeupe*, na kupotea kwingine: *tanga refu, tanga zuri*.

Pale njia hii inapoumiza zaidi ni kwenye *ukuta, kuta*. Mwanafunzi aliyezoea kuiga mwanzo wa nomino ataandika “ukuta urefu”. Kiswahili kinasema *ukuta mrefu, kuta ndefu*. Nomino ina *u*, kivumishi chake kina *m*, na kuutazama mwanzo wa neno hakukuambii hivyo.

Kuna vitabu vinavyoongeza maana juu ya njia hii: ngeli ya watu, ya miti, ya matunda, ya vitu. Sitakaa hapo sana. Mkono si mti, mwezi si mti, mshahara si mti. Maana inaaminika mahali pamoja tu: kiumbe kinachopumua na kutembea, kwa kawaida hutawala kitenzi kwa *a* na *wa*, liwe jina lake limeanza kwa herufi gani.

Njia ya pili: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI na nyinginezo

Hii ndiyo inayofundishwa shuleni Kenya leo, nami ndiyo ninayoipenda, kwa sababu nitakayoieleza. Hutazami nomino, unaitungia kitenzi na kusikiliza. *Mlingoti umevunjika, milingoti imevunjika*: U-I. *Tanga limechanika, matanga yamechanika*: LI-YA. *Nanga imezama, nanga zimezama*: I-ZI.

Mtu aliyekulia na lugha hii anakuja darasani akiwa tayari na jibu sikioni. Mtoto wa miaka 6 hapa Mkomani anajua kwamba *ndege imetua Manda* ni ile yenye injini, na *ndege ametua* ni yule mwenye manyoya. Nomino moja, haina kiambishi chochote cha kuonyesha tofauti, na kitenzi kimemaliza maneno. Vivyo hivyo *kaa ametoroka* na *kaa limezimika*: mmoja ana magando, la pili lilikuwa jikoni. Njia ya kwanza haina la kusema juu ya jozi hizi, kwa kuwa inatazama mahali ambapo hakuna kitu.

Lakini faida kubwa ni kwamba jina la ngeli huzaa maneno mengine. Chukua *u* ya U-I. Iweke mbele ya *-angu*, nayo *u* ikikutana na *a* inateleza kuwa *w*: *wangu*. Ya *i* inakuwa *yangu*. *Li* inapoteza irabu: *langu*. *Ki* inakuwa *changu*, *vi* inakuwa *vyangu*, *zi* inakuwa *zangu*. Badala ya *-angu* weka *-ote*: *wote, yote, lote, chote, vyote, zote*. Weka *-o* ya kirejeshi: *yo, lo, cho, vyo, zo*, na *u* hubaki *o* tupu, ndiyo maana tunapata *uliokwenda*. Kiashiria cha karibu nacho hakihitaji kukaririwa: anza na *h*, rudia irabu ya ngeli, kisha iweke ngeli yenyewe. *H-i-ki, h-i-vi, h-i-li, h-i-zi, h-u-u, h-i-i, h-a-ya*. Nikionyesha hili darasani watu huangaliana, kwa sababu wamekuwa wakisema *hiki* na *hizi* tangu utotoni bila kujua kwamba maneno haya yameundwa kwa kipimo kimoja.

Kwenye A-WA kipimo hiki hugoma, maana hatusemi “haa”. Tunasema *huyu*. Alama ya zamani ya umoja hapo ni *yu*, na wazee wa Amu, yaani Lamu yetu hii, bado wanayo kinywani: *yuaya*, yaani anakuja. Ukiweka *yu*, kipimo kinakubali: *h-u-yu*. Ndiyo sababu vitabu vingine vinaiita ngeli hii YU-A-WA, na naona jina hilo lina haki zaidi.

Njia hii nayo ina mahali inapoishia. Jina la I-ZI halikuambii kwamba kivumishi kitakuwa *ndefu* na *nzuri*, umoja na wingi sawa. Jina la U-ZI halikuambii *mrefu* na *ndefu*. Mkondo wa kwanza, ule wa vivumishi, haumo ndani ya jina, na lazima ujifunze pembeni. Halafu kuna *rafiki yangu amefika*. Kitenzi ni cha A-WA, kimilikishi ni cha I-ZI, vyote viwili katika sentensi ya maneno matatu, na wala si kosa. Ndivyo yanavyotumika majina mengi ya watu wa karibu: *ndugu yangu, mama yangu, shangazi yangu*. Wingi, *rafiki zangu wamefika*, au *marafiki wangu wamefika*. Mnyama hapati ruhusa hiyo kwenye Kiswahili cha mtihani: *punda wangu amepotea*, si “punda yangu”.

Na kuna *-ingine*, ambayo watu hugombana nayo bure. *Tunda jingine* au *tunda lingine*? Moja limefuata mkondo wa vivumishi, ndiko iliko *ji*. Jingine limefuata mkondo wa kitenzi, ndiko iliko *li*. Yote mawili yanasemwa na yote mawili yanaandikwa. Aliyejua kwamba mikondo ni miwili haoni ajabu.

Njia ya tatu: namba

Namba zilianzishwa na Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyezilinganisha lugha za Kibantu kusini mwa Afrika katika karne ya 19, kisha Carl Meinhof akazipanga upya. Hapa umoja na wingi hazifungwi pamoja. Mtu ni 1, watu ni 2; mti 3, miti 4; jahazi 5, majahazi 6; chombo 7, vyombo 8; nyumba moja 9, nyumba nyingi 10; ukuta 11. Kunakwenda hadi 15 ya *kusoma, kuvua*, na 16, 17, 18 za mahali: *hapa, huku, humu*.

Mwanafunzi wa Kiswahili pekee atashangaa kuona 12 na 13 hazipo. Zimerukwa kwa sababu namba hizi ni za lugha zote za Kibantu kwa pamoja, na ngeli hizo mbili Kiswahili sanifu hakina. Vilevile 14 imemezwa na 11, kwa hiyo vitabu vingine huziandika kama moja. Hii ndiyo kazi ya namba: zinamwezesha mtu kusema ngeli ya 7 ya Kiswahili na ngeli ya 7 ya Kigiriama ni kitu kimoja hata kama sauti zimeachana.

Faida ya pili ni kwamba wingi unaweza kuoana na umoja wowote bila kubuni jina jipya. Shule inahitaji U-ZI kwa *ukuta, kuta*, U-YA kwa *ugonjwa, magonjwa*, U-U kwa *wali*, YA-YA kwa *maji*. Orodha inarefuka na watoto wanalalamika. Kwa namba, *kuta* ni 10 ileile ya nyumba, *magonjwa* ni 6 ileile ya majahazi, na *maji* ni 6 isiyo na umoja. Hakuna jipya la kukariri. Na *rafiki yangu amefika* inaelezeka kwa mstari mmoja: kimilikishi cha 9, kitenzi cha 1.

Ubaya wake ni kwamba namba ni bubu. Ukisahau 8 ni nini, hakuna kitu ndani ya tarakimu kitakachokukumbusha *vi*.

Basi nani achukue ipi

Binti wa jirani yangu ashike A-WA, U-I na wenzao, na sababu si ubora wa njia tu. Mtihani unauliza kwa majina hayo, na akiandika M-MI mahali panapotakiwa U-I atapoteza alama hata akiwa anajua. Kitabu cha babake kibaki kabatini mpaka amalize shule.

Yule mgeni wa juu tayari ana namba, na sikumwambia aziache. Anasoma lugha nyingine ya Kibantu pia, na namba ndizo daraja lake. Nilimwomba kitu kimoja: kila nomino anayoiandika daftarini aiandike na *-refu* pembeni, umoja na wingi, pamoja na kitenzi. *Mlingoti mrefu umevunjika, milingoti mirefu imevunjika. Kamba ndefu imekatika, kamba ndefu zimekatika. Kasia refu limepotea.* Nimechagua *-refu* kwa makusudi. Ukimpa *-kubwa*, kamba itakuwa *kubwa* na kasia litakuwa *kubwa*, na tofauti imefichika. Ukimpa *-pya* utaangukia shimo lile la *mpya* tatu. *-refu* hutoa *ndefu* kwa ngeli ya kamba na *refu* kwa ngeli ya kasia, hazigongani.

Mtu mzima anayeanza bila lugha yoyote ya Kibantu nyuma yake ningemwanzisha na mkondo wa kitenzi, kisha nimwongezee *-refu* kwa kila neno. Nimewaona wengi walioanzishwa na M-WA na M-MI wakikwama miezi kwenye *kijana* na *daktari*, kwa sababu walifundishwa kuamini macho.

Aliyenifikirisha zaidi ni mdogo wa yule binti, mvulana wa darasa la 5. Alileta daftari lililojaa nyekundu. Ameandika: “Vyombo zimerudi. Vitu zote zimeanguka.” Mwalimu wake ameandika pembeni kwamba hajui ngeli.

Anazijua. Wazee wa Amu hawasemi *vitu* na *vyombo*. Husema *zitu* na *zombo*, na vyuo ni *zuo*. Kwenye Kiamu, *zi* ndiyo alama halali ya ngeli ya 8, kwa hiyo *zombo zimerudi* ni upatanisho uliokamilika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichukua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Unguja wanasema *vi*. Mtoto huyu amerekebisha nomino kama shule inavyotaka, amesahau kitenzi nyuma. Nomino imekwenda Unguja, kitenzi kimebaki nyumbani.

Mtoto wa bara akiandika “vitu zimeanguka” kosa ni lilelile kwa macho, na chanzo ni kingine kabisa. Huyo mara nyingi husema pia “gari yangu imeharibika” na “maji imekwisha”; kwake *i* na *zi* zimeanza kula ngeli nyingine zote. Ili kuwatofautisha, mwombe akutungie sentensi yenye *maji* na yenye *gari*. Wa Amu atakuambia *maji yamekwisha* bila kufikiri, maana tatizo lake liko kwenye ngeli moja peke yake. Wa bara anahitaji kuanza upya na LI-YA.

Kwa mvulana huyu majina ya shule hayakutosha. Ukimwambia KI-VI, anasikia *ki* na *zi* kwa sauti ya bibi yake. Ukimwambia I-ZI, anaona *zi* ileile. Zote mbili kwake zina wingi mmoja. Namba zingemtenganishia, 8 mbali na 10, lakini siwezi kumpa mtoto wa darasa la 5 tarakimu bubu. Kwa hiyo nilimrudisha kwenye umoja. Kabla hujaandika kitenzi cha wingi, mwanangu, sema kwanza kimoja: *chombo ki-merudi*. Umesikia *ki*? Andika *vi*. *Nyumba i-meanguka*. Umesikia *i*? Andika *zi*. Umoja wake haujachanganyika, maana Kiamu na sanifu hapo wanasema mamoja.

Tulipitia daftari lote namna hiyo, sentensi 14. Alirekebisha 11 mwenyewe. Moja kati ya 3 zilizobaki ilikuwa *viatu*. Alisema *kiatu kimepotea*, akanyamaza kidogo, akaandika *vimepotea*, kisha akaniuliza kama nyumbani bado anaweza kumwambia bibi yake *ziatu*. Nikamwambia aendelee kusema, na asikubali mtu amwambie ni kosa.